Nilikuwa na milioni mbili benki, na bado nilikuwa nalipa kausha damu laki na nusu kila mwezi

Leo naongea mambo yangu mwenyewe, tena yale ambayo hata shoga zangu wa karibu hawakuwa wanayajua. Mtakaonicheka, nicheni tu, mwenzenu nimeshajicheka vya kutosha.

Mwaka jana nilikuwa yule dada wa akiba. Kila mwisho wa mwezi naposti kwenye stetasi picha ya kibubu changu na maneno ya kujipongeza. Kibubu chenyewe kilikuwa cha picha tu, hela halisi ilikuwa benki kwenye akaunti ya akiba, ile isiyo na kadi, ambayo ukitaka kutoa lazima uende dirishani. Niliifungua makusudi hivyo ili nisiiguse. Jina nililoipa ni "Kiwanja", maana ndoto yangu ni kiwanja cha Kigamboni, hata kama ni kule ndani ndani ambako bodaboda anakuuliza mara mbili kama una uhakika.

Kufikia Septemba akaunti ile ilikuwa na 2,400,000. Nilikuwa naweka 50,000 kila mwezi bila kukosa.

Sasa upande ambao haukuwepo kwenye stetasi. Januari dada yangu alikuwa na sendofu. Mnazijua sendofu za familia zetu: mchango wangu kama mdogo wa bibi harusi uliandikwa 600,000 kabla sijaulizwa, halafu kuna sare, nywele, viatu, zawadi, na nauli za mashangazi wanaotoka mkoani. Milioni nzima. Na mimi kichwani kwangu hela ya Kiwanja haiguswi. Ndio msimamo, si mlisikia kwamba akiba haiguswi? Kwa hiyo nikaenda kwa jamaa mmoja anayekopesha, ofisi ipo ghorofani juu ya duka la vipuri, nikachukua 1,000,000. Riba asilimia 15 kwa mwezi. Nilijiambia nitalipa ndani ya miezi miwili.

Dhamana aliyotaka ni kadi yangu ya ATM ya akaunti ya mshahara pamoja na namba ya siri. Na nilisaini karatasi ya mauziano inayosema nimemuuzia friji na runinga yangu. Tarehe iliachwa wazi. Nilisaini huku natabasamu, maana nilikuwa nawahi kwa fundi kupimwa gauni.

Kwa wasiojua mfumo wa huyu jamaa, uko hivi. Tarehe 28 ya kila mwezi unadaiwa riba, yaani 150,000. Ukiwa na uwezo unalipa na mtaji wote milioni moja, mnaachana. Ukiwa huna, unalipa riba tu, na mtaji unasubiri mwezi unaofuata. Mshahara ukiingia yeye anakwenda na kadi yako, anatoa chake, anakupigia uje uchukue kilichobaki. Nilikuwa napanga foleni kwenye ngazi kuchukua mshahara wangu mwenyewe, jamani.

Februari nikalipa 150,000. Machi hivyo hivyo. Mpaka Agosti nilikuwa nimelipa mara saba, jumla 1,050,000. Nimeshalipa zaidi ya nilichokopa na bado nadaiwa milioni ile ile, haijapungua hata mia.

Mara moja nilijaribu kuwa mjanja. Mwezi wa tano nilipata kazi ya pembeni nikampelekea 300,000, nikiamini 150,000 ni riba na 150,000 nyingine inapunguza mtaji mpaka 850,000. Akapokea, akanishukuru, akaniita mteja mwaminifu. Mwezi wa sita siendi, najua riba sasa itakuwa pungufu, napiga simu kuuliza naambiwa hamna shida dada, ya mwezi huu ulishalipa. Yaani ile 150,000 ya pili aliiandika kama riba ya mwezi wa sita. Mtaji uko pale pale. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ukipunguza deni lazima uulize salio kabla hujatoa hela na uulize tena baada ya kutoa, na salio jipya liandikwe. Kama namba haijabadilika, hujapunguza chochote, umemlipa mtu mapema tu.

Hesabu zangu za mwezi zilikuwa zinabana kuliko nilivyokuwa nakiri. Mshahara unaoingia mkononi ni 780,000. Kodi ya chumba 150,000, chakula 200,000, nauli 80,000, umeme na maji na bando 60,000, mama nyumbani 80,000. Hiyo ni 570,000, inabaki 210,000. Toa riba 150,000, toa akiba ya Kiwanja 50,000, nabaki na elfu kumi ya mwezi mzima. Ndiyo maana na kwenye simu nilikuwa nadaiwa. Ule mkopo wa kukamilisha muamala, ukipungukiwa wanakujazia halafu ada inaongezeka kila siku mpaka hela yoyote ikiingia wanaikata. Deni hilo lilikuwa linapanda na kushuka, siku ninayoizungumzia lilikuwa 70,000.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja wa uhasibu pale ofisini. Sio kwamba nilimfuata. Tulikuwa kwa mama ntilie, mshahara umeingia, kila mtu anaagiza samaki, mimi naagiza maharage. Akanitania, dada wa kibubu vipi leo? Sijui nini kilinipata, machozi yakanitoka kwenye ugali. Nikamweleza yote.

Hakunihubiria. Aliuliza swali moja: hiyo akaunti yako ya Kiwanja inakupa riba kiasi gani? Nikasema asilimia 3. Akauliza, kwa mwezi? Nikaanza kujichekea, nikamwambia kwa mwaka. Akachukua kalamu akageuza risiti ya vocha.

"Sahau milioni mbili na laki nne," akasema. "Chukua milioni moja tu kati ya hizo. Asilimia 3 ya milioni kwa mwaka ni 30,000. Kwa mwezi ni 2,500. Serikali inakata kodi ya zuio asilimia 10 kwenye riba, unabaki na 2,250. Sasa milioni hiyo hiyo, ya ukubwa ule ule, unaidaiwa kule ghorofani kwa 150,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kila mwezi unalipa 147,750 ili uweze kusema una akiba."

Nilikaa kimya. Nikasema, lakini kaka, ile ni hela yangu na hii ni hela yake. Akaniambia hapana mdogo wangu, hela haina jina. Ukiweka akiba na deni kwenye mizani moja, wewe huna milioni mbili na laki nne. Una milioni moja na laki tatu na thelathini, maana milioni ni ya jamaa na elfu sabini ni ya mtandao wa simu. Hizo nyingine unamtunzia jamaa benki kwa asilimia 3 huku yeye anakutoza 15.

Hapo ndipo ilipouma. Nilipiga hesabu usiku ule kitandani: miezi saba, akaunti nzima ya Kiwanja, pamoja na zile 50,000 nilizokuwa naongeza, haikufikisha 38,000 ya riba. Upande wa pili nimetoa 1,050,000.

Kuna watu mtasema basi ningeiweka hela sehemu inayolipa vizuri zaidi. Niliwaza hivyo pia, nikamuuliza. Kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT, kuna hatifungani za serikali, hizo zinalipa zaidi ya akaunti ya akiba. Akanijibu hata ukipata asilimia 12, hiyo ni ya mwaka mzima, sawa na asilimia 1 kwa mwezi. Huyo wako anakula 15 kwa mwezi. Hakuna uwekezaji halali wa hapa mjini unaoweza kumkimbiza. Kulipa lile deni ndio uwekezaji unaolipa asilimia 15 kwa mwezi, tena bila kubahatisha, kwa sababu hela usiyotoa imebaki kwako.

Halafu akanipa jambo ambalo sikulijua. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, wale wa daraja la pili wasiopokea amana, kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni yangu hiyo ni 35,000. Mimi nilikuwa nalipa zaidi ya mara nne ya hapo, na sikuwahi hata kuangalia kama ukutani kwa jamaa kuna leseni. Ukuta ulikuwa na kalenda.

Sasa msidhani nilikimbia benki kesho yake. Nilikaa siku tatu. Hofu yangu ilikuwa mama. Mama ana uvimbe tumboni, alikuwa anasubiri kupangiwa tarehe ya upasuaji, na sisi watoto tulishaambiwa tujiandae. Nikiitoa hela halafu simu ikapigwa usiku, naanzia wapi? Kwa uoga huu ndio maana watu wengi wanashikilia akiba huku wanaungua, na mimi siwacheki, ni uoga wa kweli.

Kaka wa uhasibu hakuudharau. Aliniambia usimalize yote. Baki na hela ya kukufikisha mwezi mmoja mpaka miwili bila mshahara, mambo ya lazima tu. Kwangu mambo ya lazima ni 570,000, kwa hiyo isishuke chini ya hapo. Ile habari ya kuwa na akiba ya miezi mitatu mpaka sita ni nzuri, ila ni ya mtu asiye na deni la asilimia 15. Ukiwa na deni la namna hiyo, kila laki moja unayoiacha benki kwa ajili ya usalama unailipia 15,000 kwa mwezi. Jiulize kama usalama huo una thamani hiyo. Laki tano za kwanza, ndiyo. Milioni ya pili, hapana.

Na akaniuliza swali lingine lililonituliza. Baada ya kulipa, dharura ikija na ikizidi uliyonayo, utafanya nini? Nikasema nitakopa. Akasema sawa, mbaya zaidi unarudi ulipo leo, isipokuwa miezi ya katikati hukulipa riba. Na huna haja ya kurudi kwa yule yule. Nina kikoba na wenzangu wa mtaani, hisa zangu zilikuwa 300,000, na kikoba chetu kinakopesha mpaka mara tatu ya hisa kwa riba ya asilimia 10 kwa miezi mitatu yote. Kwa nini sikukopa huko Januari? Kwa sababu wangejua nina shida. Aibu nayo ina bei yake, yangu ilikuwa laki na nusu kwa mwezi.

Basi, mambo yalikwenda hivi. Nilimpigia jamaa nikamwambia nataka kumaliza, anipe jumla kwa tarehe. Ilikuwa tarehe 5 Septemba, siku nane tu tangu nilipe riba ya Agosti. Akasema 1,150,000, riba ya mwezi ni ya mwezi hata ukija siku ya pili. Nikajua hapo nimechelewa kidogo, ningejua ningekwenda ile ile tarehe 28 nikalipa riba na mtaji pamoja. Lakini nikaomba. Nikamwambia bosi, nimekulipa mara saba sijachelewa, na hela ninayo leo, wiki ijayo sijui. Tukavutana, akashuka mpaka 80,000. Jumla 1,080,000. Wadau, ombeni. Mtu anayekopesha anapenda keshi iliyoko mezani kuliko ahadi.

Sikumpelekea keshi. Nilikwenda dirishani benki, nikahamisha kwenda kwenye akaunti yake, kwenye maelezo nikaandika "malipo ya mwisho ya mkopo wa Januari". Kwanza nilimwomba anitumie meseji inayosema kiasi hicho kinamaliza deni lote. Akatuma huku anasema dada umekuwa mwanasheria. Kisha nikapanda ngazi kudai vitu vyangu: kadi, mkataba halisi, na ile karatasi ya mauziano ya friji. Hiyo karatasi ndio muhimu kuliko kadi, maana imesainiwa na haina tarehe. Alisema ipo kwenye faili nyumbani. Nikakaa kwenye benchi mpaka ikaletwa na kijana wa bodaboda saa kumi na moja jioni. Nikaichana mle mle ofisini.

Na kadi, msiishie kuipokea tu. Siku ile ile nilikwenda benki nikabadilisha kadi na namba ya siri. Kumpa mtu namba ya siri ni kuvunja masharti ya kadi yako, hela ikipotea benki watakwambia uliwapa mwenyewe, na watakuwa sahihi.

Nikalipa na zile 70,000 za simu. Akaunti ya Kiwanja ikashuka kutoka 2,400,000 mpaka 1,250,000. Siwadanganyi, nilipoona lile salio nilisikia kama nimeibiwa. Wiki nzima nilikuwa na huzuni ya ajabu. Sikuposti kibubu.

Kabla sijaendelea, niwaambie kuna deni moja nililotaka kulilipa na kaka akanikataza. Ni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu. Kwangu ndilo kubwa kuliko yote, zaidi ya milioni nne, na linanitazama kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara kwa sababu wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Asilimia 15, namba ile ile, ndiyo maana lilinitisha sawa na la ghorofani. Lakini ile ni sehemu ya mshahara inayokwenda kupunguza deni lenyewe, sio riba. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikafutwa mwaka huo huo. Deni ambalo halikui, ukilitolea akiba yako yote hujaokoa chochote, umebaki mtupu tu. Liache likatwe taratibu. Ukubwa wa deni sio unaouma, kinachouma ni kasi yake ya kuzaa.

Na siyo kila deni lenye riba linafaa kuvunjiwa akiba. Kuna dada mmoja tunasali naye, alikopa 600,000 kwenye kikundi, akapangiwa kurudisha 780,000 kwa miezi sita, yaani 130,000 kila mwezi. Yamebaki marejesho mawili, aliponisikia akataka kukimbia kulipa 260,000 zote. Nikamwambia uliza kwanza, ukimaliza leo wanakupunguzia? Akauliza, wakamwambia hapana, ni 260,000 leo au kwa miezi miwili. Riba ilishajumlishwa mwanzoni na haipungui. Sasa uharaka wa nini? Hela ikae kwake mpaka siku ya rejesho. Swali la punguzo linaulizwa kabla hujatoa hata senti, na majibu yanatofautiana mkopo na mkopo.

Kesi ngumu zaidi ilikuwa ya kijana mmoja wa mauzo ofisini kwetu. Yeye alikuwa na mkopo wa mfanyakazi wa benki, karibu asilimia 17 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua. Na akiba yake ni milioni tatu. Kwa hesabu ya kalamu, alipe, maana akaunti inampa 3 na mkopo unamla 17. Lakini mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha Novemba na fununu zilikuwa mbaya. Kaka wa uhasibu akamwambia tulia. Asilimia 17 kwa mwaka ni kama 1.4 kwa mwezi, kwa milioni tatu ni kitu kama 42,000. Ghali, ndiyo, lakini ukishaipeleka benki hela hiyo hairudi, na mtu asiye na kazi hakuna benki itakayomkopesha tena. Alishikilia. Mkataba ukaisha kweli, akakaa miezi minne mtaani anakula ile akiba na kulipa marejesho kwa ile ile akiba. Mimi nilikuwa na ajira ya kudumu na deni la asilimia 15 kwa mwezi, yeye alikuwa na deni la asilimia 1.4 na mlango wa kazi unafungwa. Tusingeweza kufanya jambo moja.

Tuje kwangu. Bila riba ya jamaa, ile 210,000 inayobaki kwenye mshahara ilikuwa yangu. Nikawa naweka 200,000 kwa mwezi badala ya 50,000. Benki nikaomba waihamishe wenyewe siku mshahara unapoingia, kwa sababu najijua. Kuna hatari moja hapa ambayo mtu akikuficha amekuonea: ukishalipa deni kwa akiba halafu ile laki na nusu ikaanza kuliwa kwenye mitoko, baada ya mwaka hutakuwa na deni ila hutakuwa na akiba pia, na sendofu nyingine ikija unapanda ngazi zile zile. Oktoba nilialikwa mara mbili Kigamboni ufukweni. Nilikwenda mara moja.

Septemba, Oktoba, Novemba, 200,000 kila mwezi. Mwisho wa Novemba akaunti ilikuwa na 1,850,000.

Wiki ya kwanza ya Desemba simu ikapigwa. Mama amepangiwa. Tukagawana watoto wanne, sehemu yangu ikawa 700,000. Niliitoa siku ile ile, sikumpigia mtu, sikukopa. Nikabaki na 1,150,000 na sidaiwi na mtu zaidi ya Bodi.

Nilipokuwa hospitali nasubiri mama atoke chumba cha upasuaji nilipiga ile hesabu nyingine, ya kama ningeendelea vile vile. Ningekuwa na 2,550,000 kabla ya kutoa ya mama, baada ya kutoa 1,850,000. Inaonekana nyingi. Toa milioni ya jamaa na elfu sabini za simu, ni 780,000. Tofauti ni 370,000 ndani ya miezi mitatu tu, na kadi yangu ingekuwa bado juu ya duka la vipuri, na ningelazimika kumwomba mwanaume yule aniwahishie mshahara wangu ili nimtibie mama yangu.

Niko hapo kwenye benchi, meseji ikaingia. "Habari za siku dada, sikukuu hizo zinakaribia. Kwa wewe mteja mwaminifu nina milioni moja na nusu, dhamana ile ile." Nikaisoma mara mbili. Muuguzi akatoka akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani, nikanyanyuka, simu nikaiacha kwenye benchi, dada yangu wa sendofu ndiye aliyeiokota akanipa baadaye na kuniuliza huyu mkaka anayekuita mteja mwaminifu ni nani. Ikabidi nimweleze kila kitu, tangu ile siku alipoandikiwa mchango wangu kwenye daftari. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kumbe. Jioni ile alinitumia 100,000 kwenye simu, akaandika: hii ni ya viatu.